Kitini cha maabara kukigeuza kwizi na orodha ya maandalizi kabla ya praktiko: mnafanyaje wenzangu?

FundiMaabara77

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye chuo kimoja cha ualimu. Kitini chetu cha kemia mwaka wa kwanza kina kurasa 64 na praktiko kumi. Kipindi ni saa tatu, tunaanza saa mbili asubuhi, wanafunzi 58, bureti zisizovuja 20. Kwa hiyo wanakaa watatu watatu.

Kinachoniua ni saa ya kwanza. Wanaingia hawajafungua kitini. Mkufunzi anasimama ubaoni anasoma maelekezo upya, wa nyuma hawasikii, halafu wote wanaanza kuniita mimi: "Fundi, hii tunaweka wapi?" Saa tano inafika makundi mengine hayajapata hata titresheni ya pili.

Mkuu wa idara akasema tutengeneze kwizi ya kufanya kabla ya kipindi, pamoja na orodha ya maandalizi. Nikakaa usiku mmoja nikatoa maswali kumi kwenye praktiko ya tatu, ile ya kupata molariti ya asidi ya haidrokloriki kwa sodiamu kaboneti. "Pipeti ina ujazo gani?" "Indiketa inayotumika inaitwaje?" Mambo ya namna hiyo. Nikaituma kwa Google Forms. Karibu wote walipata kumi kwa kumi. Asubuhi yake kundi la kwanza kabisa mbele ya macho yangu linasuuza flaski ya koni kwa myeyusho wa kaboneti.

Nimekosea wapi? Na orodha ya maandalizi inakuwa na nini hasa? Yangu ilisema "soma kitini, vaa koti, njoo mapema".

Chaki_Nyeupe

Mkuu, kosa ni kuwapa waifanyie hosteli. Mmoja anajibu, picha inarushwa kundi la WhatsApp, wote kumi kwa kumi. Fanya mlangoni. Karatasi, kalamu, kitini kimefungwa, maswali thelathini, aliye chini ya ishirini anarudi. Wiki ya pili utaona kama hawajasoma.

Dogo_PCB

Wakuu hiyo kwizi inapatikana wapi? Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, naombeni na majibu yake kabisa, nina praktiko mwezi ujao.

FundiMaabara77

Dogo, hii si kwizi ya kugawa, tunajadili namna ya kuitengeneza. Lakini kaa humu humu, utaokota.

Chaki, maswali thelathini kwa watu 58 mlangoni, nitasahihisha saa ngapi? Hiyo saa yangu ya kwanza imerudi palepale.

BibiTitre

Fundi, nimefundisha praktiko za kemia miaka mingi na kosa hilohilo nimelifanya. Chaki ana haki kuhusu kuigana, ila kuigana si ugonjwa wenyewe. Swali lako lilikuwa linajibiwa kwa kidole. Mwanafunzi anashuka na kidole ukurasa wa 19 mpaka akutane na neno "pipeti", ananakili "25 cm³". Angelifanya peke yake chumbani bado asingejua kitu.

Chukua penseli, soma praktiko yako ya tatu mstari kwa mstari, usitunge swali lolote kwanza. Kila mstari jiulize kitu kimoja: mtu akikosea hapa, anaweza kurudi nyuma akiwa ndani ya maabara bila kupoteza kazi? Kama anaweza, mstari huo uache. Kama hawezi, weka alama.

Nikupe mfano kwenye kitini cha aina yako. "Pima gramu 1.325 za sodiamu kaboneti kavu." Akipima 1.29 hakuna msiba, mradi aandike 1.29. Huo si mstari wa kwizi. Lakini akichukua chupa ya magadi yenye maji ya fuwele, ile iliyoandikwa Na2CO3·10H2O, akapima 1.325 ileile, myeyusho wake unakuwa na nguvu kama theluthi moja tu ya unaotakiwa. Titre ambayo ingekuwa 25 inakuja 9 na kitu. Na hatajua sababu mpaka kipindi kiishe. Hapo weka alama.

"Suuza bureti, pipeti na flaski." Mstari huu kwenye vitini vingi umeandikwa kwa pupa, na ndio huo uliokuangusha. Bureti inasuuzwa mwisho kwa asidi itakayoingia, pipeti kwa kaboneti itakayobeba, flaski ya koni kwa maji yaliyokenekwa basi. Weka alama.

"Ongeza matone mawili ya methili oranji." Mtu akiweka fenolfthalini anasimama nusu ya njia. Alama.

"Kokotoa molariti ya asidi." Uwiano wa moja kwa mbili. Alama.

Utaona kurasa nne zimekupa alama tano au sita, hazizidi. Hizo ndizo kwizi yako. Thelathini hazipo, Chaki, labda uzibuni.

Halafu usiulize mstari unasema nini. Uliza nini kitatokea mstari ukivunjwa, na umwambie mwanafunzi amtafute mwenye kosa. Kama hivi: "Kundi A walisuuza flaski ya koni kwa myeyusho wa sodiamu kaboneti kabla ya kuweka 25.0 cm³ za pipeti. Titre yao itakuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, ndogo, au ileile?" Jibu halipo ukurasa wowote. Inabidi afikiri kwamba ukutani mwa flaski kumebaki kaboneti ya ziada, na kaboneti ya ziada inataka asidi ya ziada. Titre inapanda.

Chaki_Nyeupe

Sawa Bi, nakubali thelathini nilizidisha. Lakini majibu yako bado ni matatu tu: kubwa, ndogo, ileile. Akibahatisha anapata moja kati ya tatu, na picha ya WhatsApp itarushwa vilevile.

BibiTitre

Kweli. Ndiyo maana angalau swali moja liwe la hesabu, na namba za kila mtu ziwe zake. Huhitaji kompyuta kwa hilo. Tumia tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili. Mwambie: uzito wako ni gramu 1.30, ukiongeza 0.01 mara tarakimu yako ya mwisho. Mwenye 7 ana gramu 1.37, mwenye 0 ana 1.30. Umeyeyusha mpaka 250 cm³. Ukichukua 25.0 cm³, utahitaji cm³ ngapi za asidi ya 0.100 M?

Mwenye 7: 1.37 gawa kwa 106, mara nne, anapata 0.0517 M. Mara 25.0, mara mbili, gawa kwa 0.100, anapata 25.85. Mwenye 0 anapata 24.53. Wewe fundi unakuwa na karatasi ndogo yenye majibu kumi tu mfukoni. Anayeleta 12.9 na namba yake inaishia na 7, umejua papo hapo: amesahau kuzidisha kwa mbili. Unajua cha kumwambia kabla hajavaa koti.

Majibu ya uongo kwenye maswali ya kuchagua nayo usiyabuni kichwani. Toa ripoti za mwaka jana, zipo kabatini. Kila namba ya ajabu uliyoikuta kwenye ripoti ni jibu la uongo zuri, maana mtu wa kweli aliamini.

Mwalimu_Ziwa

Hamjambo. Mimi niko Kenya, nafundisha kidato cha nne. Kwetu sisi kabla ya mtihani wa praktiko shule hupata karatasi ya siri ya maandalizi, inayomwambia mwalimu atayarishe vifaa na kemikali gani kwa kila mtahiniwa. Nimekuwa nikitumia mtindo huohuo kwa vipindi vya kawaida, ila nawapa wanafunzi ndio waniandikie. Yaani anasoma zoezi, kisha anaorodhesha: kwa mtu mmoja nahitaji bureti moja, asidi kama 100 cm³, kaboneti kama 100 cm³, na kadhalika. Anayeandika asidi 25 cm³ nafahamu hajafikiria kwamba kuna titresheni ya majaribio na nyingine tatu, na kuna ya kusuuzia. Hilo si swali la kwizi lakini linafichua mengi.

FundiMaabara77

Mwalimu, hiyo nimeipenda sana. Mimi ndiye nabebeshwa lawama asidi ikiisha.

Bi Titre, jana usiku nimekaa na penseli kama ulivyosema. Kumbe kitini chenyewe ni kibovu! Ukurasa wa 19 kinasema pipeti 25 cm³. Ukurasa wa 21, jedwali la matokeo, juu limechapwa "ujazo wa pipeti 20 cm³". Miaka yote hiyo hakuna aliyeona. Nikakumbuka ripoti za mwaka jana: nusu walikokotoa kwa 20, tukawakata alama.

Kingine, "sodiamu kaboneti kavu". Kavu imekaushwa na nani, lini? Nilimuuliza mkufunzi, akasema ni kazi yangu. Mimi nilidhani chupa ikiandikwa "anhidrasi" basi imemalizika.

BibiTitre

Chupa ikishafunguliwa mara mbili tatu hapo mwambao imeshavuta unyevu. Itandaze kwenye kikombe cha kauri, iweke kwenye tanuru joto la 260 hadi 270 kwa saa moja, ipoe ndani ya desiketa. Kama oveni yako inaishia 110 itapunguza unyevu lakini usiipe imani yote.

Na hilo la 20 na 25 ndilo faida ya kazi hii ambayo watu hawaisemi. Huwezi kutunga swali lenye jibu moja kutoka kwenye mstari wenye majibu mawili. Sahihisha kitini kwanza, halafu ndiyo uulize.

Dada_Hadubini

Mimi ni wa baiolojia. Nilifanya kitu kama hiki kwenye praktiko ya kupima wanga kwenye jani. Kitini kilisema "chemsha jani kwenye ethanoli". Tulikuwa tunaweka swali "taja tahadhari mbili", wote wanaandika "vaa miwani, kuwa makini". Kuwa makini! Sasa naweka mchoro: bika ya ethanoli juu ya tripodi, chini kichomeo kinawaka. Nauliza, "Usiguse mchoro huu kwa kalamu mpaka useme nini kitaungua kwanza." Anayesema jani, hapewi kiberiti siku hiyo. Jibu ni mvuke wa ethanoli, na dawa yake ni kuzima moto kwanza, kisha kuitumbukiza testi tyubu ya ethanoli kwenye bika ya maji ya moto.

Kwa hiyo kwenye usalama mimi sikubaliani na kumpitisha mtu kwa jumla ya alama. Swali la moto likikosewa, hata kama mengine yote umepata, huingii.

Chaki_Nyeupe

Hapo Dada umenena. Ndiyo maana nilisema arudi.

Mwalimu_Ziwa

Arudi wapi lakini? Wanafunzi wangu wengine hutembea kilomita nne. Nikimfungia mlango amepoteza praktiko na hakuna siku ya kurudia, bureti zenyewe zimeazimwa. Mimi hukaa naye dakika tano pembeni, ananieleza kwa mdomo, kisha anaingia. Akishindwa hata hapo, anakuwa mwandishi wa kundi, hagusi kemikali.

Dada_Hadubini

Mwalimu, dakika tano kwa mmoja sawa. Wakiwa kumi na wawili?

Mwalimu_Ziwa

Wakiwa kumi na wawili basi swali langu lilikuwa baya.

BibiTitre

Mimi niko kati yenu. Swali la usalama nalirudia kwa mdomo mlangoni hata kwa aliyepata. Hayo mengine namwachia afanye kwizi mara mbili: mara ya kwanza anaona amekosa lipi na kwa nini, mara ya pili ndiyo yenye alama. Alama yenyewe ndogo, mbili au tatu kati ya ishirini za ripoti. Ukiiweka kubwa wanaanza kununua majibu.

Kompyuta_Bubu

Wadau samahani nimechelewa. Kama chuo kina Moodle msitumie Google Forms. Andika maswali kwenye faili la maandishi kwa mtindo wa GIFT, pakia mara moja, na kila jibu la uongo linabeba maelezo yake. Swali la hesabu la Bibi lingekaa hivi:

```
::P3-04:: Kaboneti ni 0.0500 M, pipeti 25.0 cm3.
Wastani wa titre ni 24.60 cm3. Molariti ya HCl? {
=0.1016 M
~0.0508 M#Uwiano wa moli umesahaulika.
~0.0254 M#Uwiano umeugeuza.
}
```

Angalizo: ukiandika alama ya usawa ndani ya swali lenyewe, tanguliza mkwaju hivi `\=`, la sivyo faili linagoma kupakia au swali linakuja limekatika. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa alama moja hiyo. Kisha kwenye karatasi ya praktiko yenyewe fungua `Restrict access`, sema isionekane mpaka kwizi ipate alama fulani. Hapo hakuna haja ya kusimama mlangoni.

FundiMaabara77

Moodle tunayo ila wanafunzi wengi bando hawana, na umeme wa hosteli nao ni wa kuvizia. Nikifungia karatasi ya praktiko kwa kwizi, asiye na bando hata kitini hasomi. Nitafanya zote mbili: Moodle kwa anayeweza, karatasi ileile imebandikwa ubao wa matangazo siku mbili kabla, anaijaza na kuitumbukiza kwenye sanduku kabla ya saa nne usiku.

Kompyuta_Bubu

Basi usifungie. Nilisahau mambo ya bando.

AsidiKali

Nina hoja inayonikera kwenye huu uzi. Mnampa mwanafunzi hesabu inayomtolea titre 25.85 kabla hajashika bureti. Kesho akiingia akapata 24.30 mnadhani ataandika 24.30? Ataandika 25.80, 25.85, 25.85, kisha atapiga stori mpaka saa tano. Nimekuwa mwanafunzi, nawajua. Kwizi yenu inafundisha kupika data.

Chaki_Nyeupe

Mmh. Hapa AsidiKali kapiga kwenye mfupa.

BibiTitre

Hoja nzito, na nilishaumwa nayo. Dawa ninayotumia: kwenye kwizi asidi ni 0.100 M kamili, ya kwenye karatasi. Ya maabara fundi anaitengeneza pembeni kidogo na hamwambii mtu. Fundi, asidi nzito ya chupa, ile ya asilimia 36, ni kama mola 11.6. Badala ya 8.6 cm³ kwa lita weka 8.0 kwenye maji, ujaze lita. Unapata kama 0.093 M. Ipime mwenyewe asubuhi ujue namba halisi, maana asidi ya chupa iliyokaa wazi huwa imepungua.

Sasa mwenye kaboneti ya 0.0500 M akitumia pipeti ya 25.0, titre ya kweli inakuja karibu na 26.9. Anayekuletea 25.00, 25.00, 25.05, hakupima. Huhitaji kumbishia, unamwomba asimame afanye moja mbele yako.

AsidiKali

Inasaidia kwa wa kwanza kuingia. Kundi la mchana wataambiwa na la asubuhi kwamba "leo ni 26.9".

BibiTitre

Kweli, wataambiwa. Mimi hubadilisha asidi saa sita, lakini ni kazi, na sijapata njia nyepesi zaidi. Mwenye nayo aiseme.

FundiMaabara77

Kubadilisha asidi ya watu 58 saa sita, Bi, unanitakia mema kweli?

Nimefikia kwenye orodha ya maandalizi. Nimefuta "soma kitini" baada ya kuwaza: siwezi kuona mtu akiwa amesoma. Nimebaki na vitu ambavyo nikisimama mlangoni naviona kwa macho. Nimeandika hivi, nikosoeni:

Viatu vya kufunika vidole na koti lenye vifungo. Kikokotoo. Jedwali la matokeo limeshachorwa kwenye daftari la maabara, likiwa tupu, lenye safu ya majaribio na safu tatu nyingine, na mistari ya usomaji wa mwisho, wa mwanzo, na ujazo uliotumika. Hesabu ya uzito wako kwa tarakimu ya mwisho, pamoja na njia. Orodha ya mahitaji ya mtu mmoja kama ya Mwalimu Ziwa. Na mchoro wa vyombo vitatu, kila kimoja kimeandikwa kinasuuzwa kwa nini mara ya mwisho.

Dada_Hadubini

Safi. Ila jedwali utaletewa na safu zenye namba zimeshajazwa!

FundiMaabara77

Nimelifikiria. Likiwa na namba hata moja nalipiga muhuri mwekundu.

BibiTitre

Ongeza kitu kimoja kwenye jedwali: usomaji uandikwe kwa desimali mbili, na ya mwisho iwe 0 au 5. Mwanafunzi akichora visanduku vyenye nafasi ya "__.__ __" hata kabla hajaingia, mkono unazoea. Wanaoandika "24.6" wapo wengi kuliko wanaokosea uwiano.

Dogo_PCB

Bibi, kwa nini 0 au 5 na si 3?

BibiTitre

Swali zuri, mwanangu. Bureti ya 50 cm³ imechorwa kila 0.1. Jicho linaweza kugawa nafasi kati ya mistari miwili mara mbili, yaani liko kwenye mstari au liko katikati. Ukiandika 24.63 unadai jicho lako linagawa nafasi hiyo mara kumi. Baadhi ya maabara wanakubali, kwetu hapana.

FundiMaabara77

Wakuu, mrejesho. Alhamisi tumefanya.

Maswali matano kwenye karatasi na kwenye Moodle: chupa mbili za kaboneti na picha za lebo zake, la kusuuza, la fenolfthalini, la hesabu ya tarakimu, na la kujaza bureti. Hili la mwisho nilichora mtu amesimama chini ya bureti anamimina asidi juu ya usawa wa uso wake, nikauliza abadilishe nini. Jibu nililotaka ni kuishusha bureti kwanza, iwe chini ya macho. Wengi waliandika "avae miwani". Nimegundua swali langu lilikuwa na majibu mawili ya haki, kosa langu. Nimeliandika upya: "miwani amevaa, bado kuna kosa".

La fenolfthalini niliwapa hadithi: kaboneti 0.0500 M, kundi limepata 12.50, 12.55, 12.50, wanafurahi zimekubaliana. Nini kimetokea? Hapa palikuwa patamu. Wengi walisema vipimo ni sahihi kwa kuwa vinakaribiana. Asubuhi mkufunzi alitumia dakika kumi kwa hilo tu, kwamba kwa fenolfthalini rangi inapotea kaboneti ikishageuka baikaboneti, na asidi ya nusu ya pili bado haijaingia. Hakugusa mengine. Saa mbili na robo makundi yote yalikuwa yameshashika vyombo.

Mlangoni nilikagua madaftari, kila mtu sekunde chache. Watano hawakuwa na jedwali, wakakaa kwenye ngazi wakachora, wakaingia. Sikumfungia mtu.

Flaski ya koni hakuna aliyeisuuza kwa kaboneti. Hakuna. Mpaka nikatembea meza kwa meza kutafuta wa kukosea.

Lakini sasa makundi saba waliacha faneli juu ya bureti wakati wa kupima, ikawa inadondosha asidi taratibu, usomaji unashuka wenyewe. Na mapovu chini ya koki karibu kila meza. Niweke kwenye kwizi ijayo?

BibiTitre

Faneli, ndiyo. Mpe jedwali lenye titre tatu zinazotofautiana bila mpango, 26.40, 27.10, 26.65, umwambie koki haivuji na macho ni mazima, kimebaki nini.

Mapovu hapana. Mtu ambaye hajawahi kuona povu kwenye ncha ya bureti hataliona kwa kusoma. Chukua bureti moja, iache na povu kwa makusudi mezani pako, kila anayeingia aioneshe kwa kidole kabla ya kupewa yake.

Chaki_Nyeupe

Na AsidiKali je, walipika data?

FundiMaabara77

Asidi yangu niliipima asubuhi ikaja 0.094. Kundi moja lilileta 25.00 tatu mfululizo. Niliwaomba wafanye moja mbele yangu, ikasoma 26.55. Wa kipindi cha pili siku hiyo wote walikuwa 26.5 mpaka 26.7, na kusema kweli siwezi kujua nani alipima na nani aliambiwa kwenye korido.

AsidiKali

Ndicho nilichosema.

Mwalimu_Ziwa

Jaribu kuwapa asidi mbili, chupa A na chupa B, meza kwa meza kwa kupishana. Jirani yake akimnong'oneza namba, ni ya chupa nyingine. Kwangu hufanya kazi kwa sababu nina meza nane tu.

FundiMaabara77

Chupa mbili naweza, nina flaski za lita tano mbili. Wiki ijayo ni thayosalfeti na asidi, ile ya msalaba kupotea chini ya flaski. Nimeanza na penseli, na ukurasa wa kwanza tu kitini kinasema "anza kuhesabu muda" bila kusema ni kuanzia asidi inapoanza kumiminwa au inapokwisha kumiminwa.